Stetimenti imepanda, paa bado halitoshi

*"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Voi. Oktoba 2021 niliweka Sh500,000 benki, fiksi ya mwaka mmoja, kwa riba ya asilimia 7. Zilikuwa pesa za paa, ila kuta zilikuwa bado. Fundi alikuwa ameniandikia orodha ya vifaa, na dukani ikaja jumla ya Sh498,000. Oktoba 2022 nikaongeza mwaka mwingine kwa asilimia 7, na Oktoba 2023 wakanipa 10, kila mara riba ikibaki humo humo. Sasa ni Novemba 2024, nina Sh608,978 na kuta zimekwisha. Duka lilelile linataka Sh615,000 kwa orodha ileile. Mwaka 2022 walikuwa wamenitajia Sh572,000. Mwanangu anasema nilianza kupata hasara tangu siku ya kwanza. Mbona stetimenti haijashuka hata senti? Nani anasema kweli, benki au mwanangu?"*

Shikamoo Mwalimu. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu wanahesabu vitu viwili tofauti. Benki inahesabu shilingi, na shilingi zako zimeongezeka kila mwaka kama ilivyoahidi. Mwanao anahesabu shilingi hizo zinanunua nini. Riba inayoandikwa kwenye karatasi ya benki ni ya hesabu ya kwanza. Tuiite riba ya karatasi. Ya pili inaitwa riba halisi: ile inayobaki baada ya kodi na baada ya kupanda kwa bei. Riba ya karatasi unaijua siku unayotia sahihi. Riba halisi huwezi kuijua mpaka mwaka uishe, kwa kuwa bei za mwaka ujao hakuna azijuaye.

Nimefanya hesabu za fiksi kwa miaka mingi, na swali lako nimelipenda kwa sababu umeniwekea bei za duka pembeni ya riba. Watu wengi huja na stetimenti peke yake. Hebu tuufungue mwaka wako wa kwanza polepole, maana ndio wenye siri yote.

Asilimia 7 ya Sh500,000 ni Sh35,000. Lakini hukupata Sh35,000. Kabla riba haijaingia kwenye akaunti, benki hukata kodi ya zuio ya asilimia 15 na kuipeleka kwa Mamlaka ya Mapato, KRA. Hiyo ni Sh5,250. Ukaandikiwa Sh29,750, na salio likawa Sh529,750. Chukua stetimenti yako ya Oktoba 2022, utauona mstari huo wa kodi chini tu ya mstari wa riba. Kwa hiyo riba iliyokufikia mkononi mwaka ule, hata kabla ya kugusa bei za sokoni, ilikuwa asilimia 5.95.

Sasa bei. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, hutangaza mfumuko wa bei kila mwisho wa mwezi. Tarakimu ya Oktoba 2022 ilikuwa asilimia 9.6. Maana yake ni hii: kikapu cha bidhaa na huduma kilichogharimu Sh100 Oktoba 2021 kiligharimu Sh109.60 mwaka mmoja baadaye. Na hapo una bahati ya kimahesabu, kwa sababu mwaka wako wa fiksi uliangukia miezi ileile, Oktoba hadi Oktoba, kwa hiyo tarakimu hiyo inakuhusu moja kwa moja. Ili Sh500,000 zako zibaki na nguvu ileile ya kununua, zilipaswa kuwa Sh548,000. Zilikuwa Sh529,750. Pengo ni Sh18,250.

Watu wengi hutoa tu, 5.95 toa 9.6, wakapata hasi 3.65. Kwa hesabu ya haraka si mbaya, lakini hesabu sahihi ni ya kugawa, kwa kuwa hata riba yenyewe unaipokea kwa shilingi ambazo tayari zimepungua nguvu:

```
1.0595 ÷ 1.096 = 0.9667
```

Yaani kila shilingi uliyoweka ilirudi ikiwa na nguvu ya senti 97 kasoro kidogo. Riba halisi ya mwaka wako wa kwanza ilikuwa hasi asilimia 3.3. Bei zikipanda kidogo, kutoa na kugawa hukaribiana sana. Zikipanda kwa kasi, kutoa hukudanganya zaidi na zaidi. Hizo Sh529,750 zilinunua vitu ambavyo Oktoba 2021 vingenunuliwa kwa Sh483,000 na ushei. Umekaa mwaka mzima bila kugusa pesa, ukatoka na mzigo mdogo kuliko uliokuwa nao.

Unaukumbuka mwaka ule, sina haja ya kukueleza sana. Vita vya Ukraine vilianza Februari 2022, bei za mafuta, ngano na mbolea zikapaa, na huku kwetu mvua zilikuwa zimekataa. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita Sh200 katikati ya mwaka, hadi serikali ikaingilia Julai na kuiweka Sh100 kwa muda. Septemba ruzuku ya petroli ikaondolewa, lita moja Nairobi ikafika Sh179.30. Fiksi yako ilikuwa imelala humo humo, kwa bei iliyokubaliwa wakati hayo yote hayajatokea.

Lakini mwanao alisema tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Siku unafungua fiksi, Oktoba 2021, mfumuko wa bei uliotangazwa ulikuwa asilimia 6.45. Wewe ukaona 7 ni kubwa kuliko 6.45, na afisa wa benki naye pengine aliona hivyohivyo. Mbele ya macho ni faida. Ila saba ile haikuwa saba. Baada ya kodi ilikuwa 5.95, na 5.95 ni ndogo kuliko 6.45. Hata kama bei zingeendelea kupanda kwa mwendo uleule, bila vita na bila ukame, ungemaliza mwaka na hasara ya karibu nusu asilimia. Mfumuko ulioongezeka baadaye uliikuza tu hasara iliyokuwa imeshaandikwa.

Niruhusu nikae kidogo kwenye kodi hii, kwa sababu nadhani ndiyo inayoumiza wawekaji wadogo kuliko chochote na ndiyo isiyosemwa. Kodi hukatwa kwenye riba yote ya karatasi. Haiulizi ni sehemu gani ya riba hiyo ni faida na ni sehemu gani inafidia tu kupanda kwa bei. Mwaka wako wa kwanza hukuwa na faida hata shilingi moja, ukiangalia nguvu ya kununua. Bado ulilipa kodi ya Sh5,250 kana kwamba umefaidi Sh35,000. Bei zinapotulia kwenye asilimia 2 au 3, kasoro hii haiumizi sana. Zinapofika 9, unakatwa kodi juu ya hasara.

Kutokana na hilo kuna hesabu moja ambayo ningependa uiandike nyuma ya kitabu chako cha akaunti. Chukua mfumuko wa bei, ugawe kwa 0.85, yaani senti 85 zinazokubakia kwa kila shilingi ya riba baada ya kodi. Jibu ndilo riba ya chini kabisa ambayo benki inapaswa kukupa ili usipoteze. Kwa 6.45 jibu ni karibu 7.6. Kwa hiyo ile Oktoba 2021, chochote chini ya asilimia 7.6 kilikuwa hasara ukichukulia bei zingebaki na mwendo wake. Kwa 9.6 jibu ni karibu 11.3, na mwaka 2022 sidhani kama mwekaji wa nusu milioni alikuwa akitajiwa 11.3 kwenye kaunta ya benki. Hata serikali yenyewe ilikuwa ikilipa karibu asilimia 9 tu kwa dhamana zake za siku 91, mikopo ya muda mfupi inayochukua kwa umma, mnamo Oktoba 2022, na hizo nazo hukatwa kodi ileile. Ndiyo maana sitakulaumu kwa mwaka ule. Mahali pengi palipoitwa salama palikuwa pakivuja.

Mwaka wa pili ndio unaowapotosha watu wengi. Uliongeza fiksi kwa 7 tena, ukapata 5.95 baada ya kodi, salio likawa Sh561,270. Oktoba 2023 KNBS ikatangaza mfumuko wa asilimia 6.9. Redioni tukasikia kwamba mfumuko umeshuka kutoka 9.6 hadi 6.9, na watu wakashangilia kana kwamba bei zimeshuka. Bei hazikushuka, Mwalimu. Mfumuko ni mwendo, kama matatu iliyopunguza kasi kutoka 96 hadi 69: bado inaenda mbele, na umbali iliokwisha kwenda haurudi nyuma. Zile Sh548,000 ulizohitaji 2022 zikapanda kwa asilimia 6.9 nyingine, zikawa Sh585,812. Wewe ulikuwa na Sh561,270. Pengo likakua kutoka Sh18,250 hadi Sh24,542, katika mwaka ambao habari zilikuwa nzuri.

Hapa pia pana funzo la muda wa fiksi. Katika miezi ile ile ambayo wewe ulikuwa umefungwa kwenye 7, Benki Kuu ya Kenya ilikuwa ikipandisha riba yake. Ilikuwa asilimia 7 mpaka Mei 2022. Juni 2023 ikafika 10.5, na Februari 2024 ikafika 13. Riba za benki hufuata kwa kuchelewa, na za wawekaji wadogo huchelewa kuliko zote, kwa kuwa huwa hatuulizi. Kufikia Oktoba 2023 dhamana za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 15. Aliyeweka fiksi ya miezi mitatu mitatu badala ya mwaka angeweza kurudi kaunta mara nne na kudai riba mpya kila mara. Fiksi ndefu hukulinda riba zinaposhuka na kukufunga zinapopanda. Mwaka 2022 zilikuwa zinapanda.

Mwaka wa tatu mambo yakageuka. Wakakupa 10, ambayo baada ya kodi ni 8.5, na salio likafika Sh608,978. Mfumuko wa Oktoba 2024 ukatangazwa kuwa asilimia 2.7 tu. Ukigawa 1.085 kwa 1.027 unapata faida halisi ya karibu asilimia 5.6, kubwa kuliko ile ambayo ungedhani ukiangalia karatasi za miaka iliyotangulia. Kiasi ulichohitaji ili kubaki pale ulipoanza kikawa Sh601,629, na wewe una Sh608,978. Umelipita pengo kwa Sh7,349.

Kwa hiyo kwa miaka mitatu, ukitumia kikapu cha KNBS, hukupata hasara. Riba ya karatasi inasema pesa zimekua kwa karibu asilimia 22. Riba halisi inasema zimekua kwa asilimia 1.2, kwa miaka yote mitatu kwa pamoja. Nilitaka uione hivyo kwa ukamilifu kwa sababu nisingependa uondoke ukidhani fiksi ni hasara siku zote. Ilikuwa hasara miaka miwili, mwaka mmoja ikalipa, na ile ya mwisho haikutokana na ujanja wa mtu: mfumuko ulishuka kwa kasi kuliko benki zilivyokuwa zimekadiria wakati wa kukupa 10.

Bado hujapata paa. Kama kikapu cha KNBS kinasema umefaidi Sh7,349, mbona dukani umepungukiwa Sh6,022?

Kwa sababu wewe huli kikapu cha KNBS. Kikapu hicho ni wastani wa familia za Kenya nzima, na karibu theluthi yake ni chakula. Kuna nauli, kodi ya nyumba, umeme, ada za shule. Mbao, mabati na misumari ya paa la nyumba mpya havibebi uzito mkubwa humo. Orodha ya fundi wako ndiyo kikapu chako. Oktoba 2021 iligharimu 498,000, Oktoba 2022 ikawa 572,000. Huo ni mfumuko wa asilimia 14.9 kwa mwaka mmoja, wakati taifa lilikuwa kwenye 9.6. Chuma cha mabati hutegemea bei za nje na thamani ya shilingi yetu kwa dola, na vyote viwili vilikuwa vibaya wakati huo. Baada ya hapo duka lako limepandisha polepole zaidi kuliko taifa: kutoka 572,000 hadi 615,000 kwa miaka miwili ni karibu asilimia 7.5 kwa jumla. Ila ule mruko wa mwaka wa kwanza ulikuwa mkubwa mno kufidiwa. Kwa miaka mitatu orodha yako imepanda asilimia 23.5 na pesa zako asilimia 21.8.

Mtu anayeweka pesa ya dharura bila kujua itatumika wapi, atumie tarakimu ya KNBS. Hana bora zaidi. Anayeweka pesa ya kitu kimoja anachokijua, apime kwa bei ya kitu hicho. Wewe ulifanya jambo ambalo wengi hawafanyi: uliitunza ile orodha. Bila karatasi ya fundi ya 2021 tusingeweza kuyajua haya.

Najua unajiuliza kama ungenunua mabati 2021 ukayaweka. Nimeona waliofanya hivyo. Mabati yaliyorundikwa yakaingiwa na unyevu katikati hutoa ukungu mweupe, rangi huharibika kabla hayajapanda juu, na mbao hupinda au kuliwa na mchwa. Pengine ungeweza kulipia dukani na kuacha vifaa huko mpaka kuta ziishe, lakini hapo unakuwa umempa mwenye duka mkopo bila riba na bila dhamana. Pesa yako benki inalindwa na Shirika la Bima ya Amana, KDIC, hadi Sh500,000 kwa kila mweka amana katika benki moja. Angalia hilo pia: salio lako limepita kiwango hicho tangu Oktoba 2022. Na bima yenyewe inalinda idadi ya shilingi benki ikianguka. Nguvu ya shilingi hizo haimo katika ahadi yake.

Kitu ambacho kwa kweli kingekusaidia ni hatifungani za miundombinu za serikali, mikopo ya miaka mingi inayochukua kwa umma, kwa sababu riba yake haikatwi kodi ya zuio. Ile ya Novemba 2022 ililipa karibu asilimia 14. Ingekupitisha mfumuko kwa raha. Lakini ilikuwa ya miaka 14, na wewe ulihitaji pesa baada ya miwili au mitatu. Februari 2024 ikatoka nyingine iliyolipa asilimia 18.46, na waliotaka kuiuza ile ya zamani wakati huo waliona bei yake imeshuka, kwani nani atanunua ya 14 kwa bei kamili wakati ya 18 ipo? Kwa pesa ya paa yenye tarehe, nisingekushauri uingie humo na zote. Nusu, pengine.

Sasa twende kwa leo. Benki Kuu imeanza kushusha riba yake tangu Agosti mwaka huu, kwa hiyo ukirudi kaunta usitarajie ile 10. Tuseme watakupa 9. Baada ya kodi ni 7.65. Kwa mfumuko huu wa chini ya 3 bado ni faida halisi nzuri, ingawa ndogo kuliko ya mwaka wako wa tatu. Ukiongeza miezi mitatu utapata takriban Sh11,600, inayotosha kufunika Sh6,022 zilizopungua endapo duka halitapandisha kwa zaidi ya asilimia 0.9 katika miezi hiyo. Ni hesabu nyembamba, na ningeingia humo kama kuta zingekuwa bado.

Kuta zimekwisha, Mwalimu, na kila mwezi zinanyeshewa. Mimi ningefanya hivi. Nenda na orodha ya fundi dukani ukiwa na pesa taslimu mkononi, uombe bei ya kununua vyote kwa mkupuo; kwa mteja wa laki sita, kupunguziwa asilimia moja si ombi kubwa, na asilimia moja ya 615,000 ni Sh6,150. Hilo peke yake linaziba pengo. Wakikataa, nunua mbao na mabati sasa, uache mifereji ya maji ya paa hadi pensheni ya mwezi ujao. Kabla ya yote piga simu benki uulize fiksi imeshajiongeza yenyewe Oktoba au imekaa wazi. Nyingi hujiongeza bila kuulizwa, na kuivunja kabla ya muda hukatwa riba. Kama imejiongeza ndani ya mwezi uliopita, riba utakayopoteza ni ya wiki chache tu, wala isikuzuie.